Mkono wa Kushoto Ndio Dereva

Firimbi ililia, na kabla sijainua macho nilishajua ni mimi.

Tulikuwa City Park, robo ya nne, tumetoshana bao moja kwa moja. Mpira ulikuja polepole, aina ya mpira ambao mtu anausimamisha huku anawaza atapika nini jioni. Ulikuja upande wa mguu wangu wa kushoto, ndani ya D yetu. Nikanyoosha stiki, nikausimamisha. Nikausikia ukisema "ko!" na kutulia karibu na kiatu changu, nikajisifu moyoni. Halafu ikaja firimbi.

Mwamuzi alinyoosha mikono yote miwili kuelekea lango letu. Kona ya penalti. Nikamwangalia kama mtu aliyekatiwa stima katikati ya mechi ya fainali.

"Mgongo wa stiki," akasema, bila hata kukasirika.

Kama hujawahi kucheza hoki, huu mpira wa magongo, acha nikueleze uzito wa hayo maneno. Beki akikosea ndani ya D, hata kama hakukusudia, wapinzani wanapewa kona ya penalti. Sisi tunabaki watano tu nyuma ya mstari wa goli, kipa akiwa mmoja wetu, na wenzetu wote wanafukuzwa hadi ng'ambo ya mstari wa katikati. Wapinzani wanajipanga nje ya D, mmoja wao anautoa mpira kutoka mstari wa mwisho, na sisi tunatoka mbio kuwazuia. Tulitoka mbio. Hatukuwahi. Mbili kwa moja, na mechi ikaishia hapo.

Kwenye matatu ya kurudi hakuna aliyenilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Watu walikuwa wanaangalia simu. Kocha wetu, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye sote tunamwita Madam, alikuja akaketi kando yangu. Nilijua mahubiri yanakuja. Badala yake akasema, "Hebu nipe mkono wako wa kushoto."

Nikampa. Akaugeuza, akaangalia kiganja, kisha akaomba na wa kulia. Wa kulia ulikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka. Wa kushoto ulikuwa laini kama wa mtoto.

"Umeona?" akasema. "Wewe unaendesha gari ukiwa kwa kiti cha abiria."

*

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu hii mikono yangu ina historia.

Mimi ni mashoto. Ama nilizaliwa mashoto. Darasa la kwanza mwalimu mmoja aliamua kwamba hataki kuona mtoto akiandika kwa mkono huo, na kila nilipousahau alinikumbusha kwa rula kwenye vidole. Nyumbani nako, ukimpa mgeni chai kwa kushoto unaambiwa hujafunzwa adabu. Hata lugha yenyewe ilishaamua: mkono wa kulia unaitwa mkono wa kuume, wa kushoto unaitwa mkono wa kike, na sote tunajua yupi kati ya hao hupewa kiti cha mbele. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, nasalimia kwa kulia. Kushoto kulibaki na kazi za siri: kurusha mawe, kupiga mswaki, kufungua vifuniko vilivyokataa.

Kwa hivyo nilipoanza hoki nikiwa na miaka ishirini na minne, nikitafuta tu kitu cha kunitoa kwa kiti cha ofisi Jumamosi, swali langu la kwanza lilikuwa, "Mko na stiki za mashoto?"

Watu walicheka. Hakuna. Stiki zote za hoki duniani zimetengenezwa namna moja. Ukiishika mbele yako, upande wake wa kushoto ni bapa, na upande wa kulia umeviringa kama mgongo wa kijiko. Sheria inaruhusu mpira uchezwe kwa ule upande bapa, na kwa kingo zake kwa masharti. Ule mgongo ulioviringa haugusi mpira, iwe unapiga, unasukuma au unasimamisha. Huwezi kugeuza stiki ikawa ya mashoto, na hakuna duka litakalokuuzia moja ukaruhusiwa kuchezea.

Nikasema sawa, nimeshazoea. Dunia ya wa kulia tena. Nikafanya kile nilichofunzwa kwa rula: nikaupa mkono wa kulia kazi yote. Nikaukaza chini ya gripu, nikauacha wa kushoto ushikilie juu kama mtu aliyeshika chuma cha matatu. Miezi mitano nilicheza hivyo, na nilidhani nimejifunza.

*

Jumanne iliyofuata Madam alinipata uwanjani kabla ya wengine. Si City Park, sisi tizi tunafanyia kwenye uwanja wa nyasi wenye mashimo, ambapo mpira unaruka bila kukupa notisi. Akanyang'anya stiki yangu, akailaza chini. Upande bapa ukalala kwenye nyasi, mgongo ukaangalia mbingu, kichwa cha stiki kikawa mbali nami, mpini ukanielekea.

"Inama uiokote. Kwa kushoto. Usifikirie."

Nikaiokota jinsi mtu anavyookota kitu chochote kirefu, mkono ukitoka juu.

"Simama hapo hapo. Usibadilishe vidole."

Nikaangalia. Kati ya kidole gumba na cha shahada kulikuwa na umbo kama la herufi V, na V hiyo ilikuwa imelala upande wa mgongo wa stiki. Vifundo vya vidole vilikuwa vinaniangalia. Nilivyokuwa nimezoea, V yangu ilikuwa imezungukia upande ule bapa, kiganja kikiwa tayari kimeangalia juu. Tofauti ni kama ya robo mzunguko, si zaidi. Lakini jaribu mwenyewe hata na mwiko: shika ukiwa na vifundo juu, kisha geuza kifundo cha mkono kuelekea kushoto. Mwiko unazunguka hadi unaangalia upande wa pili kabisa. Sasa shika ukiwa umeshageuza kiganja juu, halafu ujaribu kuzungusha upande ule ule. Hakuna mahali pa kwenda. Mkono umefika mwisho wa njia kabla ya safari kuanza.

Hapo ndipo nilipoelewa firimbi ya City Park. Sikuwa mzembe kiasi kile nilivyodhani. Nilinyoosha stiki upande wa kushoto, na ili upande bapa uangalie mpira ilibidi stiki izunguke nusu mzunguko. Mkono wangu haukuwa na hiyo nusu. Kwa hivyo stiki ilifika kwa mpira bila kugeuka, na kilichotangulia kilikuwa mgongo.

"Na huu wa kulia?" nikauliza.

"Huu ni kondakta," Madam akasema. "Anashikilia mlango. Haendeshi."

Mkono wa kulia unashuka chini, karibu na pale gripu inapoishia, na unashika kwa ulegevu kama bomba ambalo stiki inapita ndani. Kushoto kunapogeuka, stiki inazunguka ndani ya kulia, na kulia hakufuati. Wakati wa kusukuma au kusimamisha mpira ndipo kulia kunakaza kidogo. Ukikaza kila wakati, mambo mawili yatatokea. La kwanza, kila ukigeuza stiki, kiwiko cha kulia kitaruka juu kama bawa la kuku. La pili ni malengelenge, kwa sababu mkono mmoja unavuta stiki izunguke na mwingine unaikataza. Ngozi inalipa.

Nilipewa hom-waki ya ajabu. Chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ikiisha. Kipasue kwa urefu, kivishe stiki mahali mkono wa kulia unakaa, kisha shika kibomba, si stiki. Sasa geuza stiki kwa kushoto peke yake: bapa kulia, bapa kushoto, bapa kulia. Kibomba kikizunguka pamoja na stiki, unadanganya.

Nakaa kwenye bedsita, ghorofa ya tatu, na jirani wa chini ana mtoto mchanga. Kwa hivyo badala ya mpira nilitumia soksi zilizokunjwa. Kila jioni baada ya kazi, dakika kumi, nikisogeza soksi kulia na kushoto kando ya jiko la gesi. Usiku wa kwanza mkono wa kushoto uliuma hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa sijawahi kuutumia kwa kazi halali muda wote huo.

*

Wiki ya pili nilitaka tuingie rivasi moja kwa moja. Madam alikataa. "Kwanza pushi. Mtu asiyejua kusukuma mpira mbele hana haja ya kujua kurudi."

Pasi ya kusukuma ndiyo pasi ya kwanza ya hoki, na ndiyo inayochezwa zaidi. Haina mbwembwe. Huinui stiki nyuma, hupigi. Stiki inagusa mpira tangu mwanzo, na unauondoa mpira kama unavyosukuma droo iliyokwama, kwa nguvu moja inayoendelea.

Nilikuwa nadhani naijua. Madam akaweka koni mbili umbali wa kama hatua kumi, nafasi ya hatua moja kati yake, akasema nipitishe mpira hapo mara kumi. Nilipitisha tatu. Nyingine zilienda kushoto, mbili ziliruka, na kila moja ilitoa mlio.

"Huo mlio," akasema. "Pushi haina mlio. Ukisikia 'tap', ulikuwa umeachana na mpira ukaurudia. Hiyo ni kupiga, tena kupiga vibaya."

Hilo ni jambo ambalo unaweza kujipima nalo bila kocha. Funga macho, sukuma, sikiliza. Kama kuna mlio, stiki ilianza safari mbali na mpira.

Tulianza upya kutoka kwa miguu. Bega la kushoto linaangalia unakotaka mpira uende. Miguu imeachana kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, magoti yamekunjwa, mgongo umeshuka. Mpira uko mbele yako, kati ya miguu lakini karibu zaidi na mguu wa kushoto. Ukiuweka nyuma, karibu na mguu wa kulia, utausukuma ukiwa bado hujahamisha uzito. Ukiuweka mbali sana na mwili, utaufuata kwa mikono pekee, na mikono pekee haina nguvu.

Mpira wenyewe una uzito wa kati ya gramu 156 na 163, ni mgumu na si mkubwa. Kuusogeza si shida. Shida ni kuusogeza ukiwa umelala chini njia nzima, ili mwenzako asihangaike kuupokea. Kwa hiyo nguvu inatoka kwa miguu: uzito unaanza mguu wa kulia, unahamia wa kushoto, na stiki inaenda nao. Mkono wa kulia unasukuma mbele. Wa kushoto, na hapa nilishangaa, unavuta nyuma kuelekea kwako. Juu kunarudi, chini kunaenda, kama mtu anayepiga makasia. Kulia peke yake kunaweza kusukuma, lakini mpira unatoka umechoka. Vile viwili vikifanya kazi pamoja, mpira unatoka kama umetumwa.

Mwishoni stiki inabaki chini, ikionyesha kule mpira umeenda. Zangu zilikuwa zinaenda kushoto kwa sababu mkono wangu wa kulia, ule uliozoea ubosi, ulikuwa unapinda mwishoni na kuzungusha stiki mbele ya mwili wangu. Zile zilizoruka zilitokana na mpini kubaki nyuma ya mpira. Mpini ukilalia nyuma, uso wa stiki unaangalia juu na mpira unapanda. Mpini ukitangulia kidogo mbele ya mpira, uso unauangalia chini na mpira unatambaa. Kwa hivyo unasoma kosa kwa kuangalia mpira ulivyoondoka: umeenda kushoto, mkono wa kulia umepinda, umeruka, mpini umebaki nyuma, umechoka njiani, hujahamisha uzito.

Mwisho wa wiki ya tatu nilipitisha nane kati ya kumi. Moja kati ya zile mbili iligonga koni, na hiyo Madam alinihesabia nusu.

*

Sasa rivasi.

Kwa kuwa stiki ina uso mmoja, kila mpira unaokuja kushoto kwako ni swali. Una majibu mawili. Unaweza kusogeza miguu hadi mpira uwe kulia kwako, na ukiwa na muda hilo ndilo jibu bora. Ama unaweza kugeuza stiki, ncha ya ndoano iangalie chini, na kuutumia ule upande bapa kutoka kushoto. Hiyo ndiyo rivasi.

Madam alinipa alama moja ya kukumbuka, na tangu siku hiyo sijahitaji nyingine: ukiwa kushoto, ncha ya stiki inaangalia ardhi au inakuangalia wewe. Ukinyoosha stiki kushoto kusimamisha mpira unaokuja, ncha iangalie ardhi. Ukiwa unatembea na mpira na unataka kuurudisha kutoka kushoto kwenda kulia, ncha ikuangalie wewe. Kama ncha inaangalia mbingu, au inaangalia mbele, basi kinachogusa mpira ni mgongo, na mwamuzi haitaji hata kuwa karibu kuliona. Pale City Park ncha yangu ilikuwa juu kama antena.

Kuna wanaoanza ambao husema, "Lakini sikukusudia." Mimi pia nilisema. Sheria haiulizi. Inauliza tu kama mpira umechezwa na mgongo, na kama mpinzani ameumia kwa hilo kimchezo. Mpira ukigusa mgongo wa stiki ukaenda moja kwa moja kwa mpinzani aliye peke yake, mwamuzi anaweza kuacha mchezo uendelee, kwa sababu aliyekosewa ndiye aliyefaidi. Lakini ukiusimamisha miguuni pako ndani ya D yako, umefaidi wewe. Firimbi.

Halafu kuna suala la ukingo, ambalo huchanganya watu vibaya. Umewahi kuona mchezaji akijilaza karibu na ardhi upande wa kushoto, stiki imelala, na mpira unatoka kama risasi? Anapiga kwa ukingo wa stiki, rivasi, na inaruhusiwa mradi si hatari kwa walio karibu. Anayeanza anaona hivyo, anaenda upande wa kulia, analaza stiki na kupiga kwa nguvu kwa ukingo ule mwingine. Hiyo hairuhusiwi. Kulia, ukingo unaweza kuuzuia mpira au kuukatiza kwa utulivu, lakini si kuupiga kwa nguvu. Dadangu mmoja wa timu alipigiwa firimbi kwa hilo mara mbili kwa mechi moja, na mara zote mbili alimwambia mwamuzi, "Lakini yule wao amefanya hivyo hivyo!" Hakuwa amefanya hivyo hivyo. Yule alikuwa kushoto.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba makosa yangu mengine, yale niliyoyaona kama hayahusiani, yalikuwa watoto wa kosa hili moja. Nilikuwa napigiwa sana firimbi ya kuziba, yaani kuweka mwili kati ya mpira na mtu anayejaribu kuucheza. Nilidhani ni mwili wangu tu, mimi ni mpana. Kumbe ni hivi: kwa kuwa niliogopa rivasi, kila mpira uliokuja kushoto niliuzunguka ili uwe kulia. Kuuzunguka kunachukua hatua mbili au tatu, na katika hizo hatua mgongo wangu ulikuwa unamgeukia mpinzani aliyekuja kuuchukua. Ukiwa umesimama unapokea mpira, unaruhusiwa kuangalia upande wowote. Lakini ukishaupata, huwezi kumsukumia mtu mgongo wala kuuficha mpira nyuma ya mwili wako wakati yuko karibu kuucheza. Mkono wa kushoto haukufanya kazi yake, mwili ukaifanya, na mwili hauna ruhusa.

Ya mwisho ni kumnyang'anya mtu anayepita kushoto kwako. Hapo unamfikia kwa rivasi, mara nyingi kwa mkono wa kushoto pekee, kwa sababu mkono mmoja unafika mbali kuliko miwili. Anayeanza hungoja mtu afike, kisha anarusha stiki kama anayefukuza nyoka. Stiki inakutana na stiki ya mwenzake au mguu wake kabla ya mpira, na hilo ni kosa. Unachotakiwa kufanya ni kulaza stiki mapema, chini kabisa, mbele ya njia ya mpira, uuache mpira uje wenyewe. Kama huwezi kuugusa mpira kabla ya kumgusa mtu, kimbia naye tu. Haina aibu.

Nilimwambia Madam kwamba hayo ni mengi.

"Si mengi," akasema. "Ni moja. Mkono wa kushoto ukigeuka mapema, yote hayatokei. Ukichelewa, yanatokea yote."

*

Madam anapenda kutukumbusha kwamba mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki kule Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Na kwamba nahodha wa timu ile, Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne kati ya 1960 na 1972, alikuwa beki. Anapofika hapo kwenye neno "beki" huwa ananiangalia mimi. Wakati huo michuano mikubwa ilikuwa ikichezwa kwenye nyasi za kawaida. Nyasi bandia ziliingia Olimpiki mwaka 1976. "Kwa hivyo usiniambie habari ya mashimo," anasema.

Tulirudi City Park miezi miwili baadaye, timu tofauti. Sitakudanganya kwamba nilicheza kama Sohal. Robo ya kwanza nilipigiwa firimbi ya kuziba, ya zamani, ile tabia haikuwa imekufa. Lakini robo ya tatu mpira ulikuja. Haukuwa wa polepole kama ule wa kwanza. Ulikuja kwa kasi, kushoto kwangu, ndani ya D, na nyuma yake akaja mchezaji wao wa mbele akiwa na mbio zake zote.

Sikukumbuka kibomba cha tishu wala soksi. Nilisikia tu mkono wa kushoto ukigeuka ndani ya kulia. Nikashuka goti, ncha ikaangalia ardhi, mpini ukalala chini. Mpira ukagonga bapa ukakaa. Nikauvuta kulia hatua moja, yule dada akapita na mbio zake, nikageuza bega la kushoto kumtazama mchezaji wetu wa kati. Nikausukuma. Haukutoa mlio.

Hakuna aliyepiga makofi. Beki akiusimamisha mpira na kutoa pasi ya hatua kumi na mbili, mtu hapigi makofi, mchezo unaendelea. Mwamuzi, ambaye sijui hata kama alinikumbuka, alishageuka kukimbia na mpira upande ule mwingine. Firimbi ilikuwa mdomoni mwake, kimya.

Kwenye matatu Madam alikaa nyuma na mizigo. Mimi nilikaa dirishani. Nikafungua viganja vyangu kwenye mapaja. Wa kulia malengelenge yalikuwa yamepona. Wa kushoto, chini ya kidole kidogo, kulikuwa na sugu mpya, ngumu kama punje ya mahindi. Kondakta alipokuja kuchukua nauli nilimpa noti kwa mkono huo huo. Akaipokea, akanirudishia chenji, akaenda zake.